Sura ya nuru katika karatasi moja

Katika mtaala wa 8-4-4 nchini Kenya, somo la nuru halikukaa mahali pamoja. Kidato cha kwanza mwanafunzi alijifunza kwamba nuru husafiri kwa mstari mnyoofu na kwamba kioo bapa huirudisha. Vioo vilivyopinda na utangulizi wa mawimbi vilimngoja kidato cha pili, mpindo wa nuru ulikuja kidato cha tatu, na lenzi zilibaki hadi kidato cha nne. Mtihani wa mwisho unapokaribia, anayedurusu ana kazi ya kukusanya mambo yaliyotawanyika katika miaka minne na kuyaweka mahali ambapo jicho linaweza kuyaona kwa pamoja.

Wengi hukusanya fomula. Karatasi inajaa herufi na alama za usawa, kila moja imezungushiwa duara jekundu, na mwenye karatasi anaamini kwamba sura yote imeingia humo. Lakini fomula za sura hii ni chache na nyepesi, na mwanafunzi anayekosea kwa kawaida huwa anazikumbuka vizuri. Kinachomwangusha ni mambo ambayo fomula haiyatamki: pembe inapimwa kuanzia wapi, nuru inatoka upande gani kwenda upande gani, na umbali upi ni hasi. Muhtasari mzuri wa nuru ni ule unaoyapa mambo hayo matatu nafasi kubwa kuliko fomula zenyewe.

Kabla ya sheria zenyewe, wimbi lipewe mistari miwili. Kasi ya wimbi ni masafa yake mara urefu wake. Nuru inapotoka hewani kuingia majini au kwenye kioo, kasi yake hupungua, na urefu wa wimbi hupungua kwa kiasi hichohicho, ila masafa hayabadiliki hata kidogo, kwa sababu idadi ya mawimbi yanayofika mpakani kila sekunde ndiyo idadi inayoondoka upande wa pili. Nuru ya rangi ya chungwa yenye urefu wa wimbi wa nanomita 600 hewani inakuwa na nanomita 451 hivi ndani ya maji. Anayebadilisha masafa katika hesabu ya namna hii amekosea tangu hatua ya kwanza, na kila jibu linalofuata litakuwa na kosa hilo.

Kupungua huko kwa kasi ndiko kunakoipinda nuru. Upande wa wimbi unaotangulia kugusa maji hupunguza mwendo wakati upande mwingine ungali hewani unakimbia, basi wimbi zima linageuka. Likiingia wima, pande zote mbili hupunguza mwendo kwa wakati mmoja, na halipindi. Namba inayoeleza kasi imepungua mara ngapi huitwa fahirisi ya mpindo. Ya maji ni 1.33, ya kioo cha kawaida ni karibu 1.5, na ya almasi inafika 2.42.

Sasa sheria. Zote mbili zinategemea mstari mmoja usioonekana popote isipokuwa kwenye mchoro: nomali, yaani mstari unaokutana na uso wa kioo au maji kwa nyuzi 90, palepale mwali unapogonga. Sheria ya uakisi inasema pembe ya kuingia ni sawa na pembe ya kuakisiwa, na kwamba mwali unaoingia, mwali unaoakisiwa na nomali vyote vimelala katika bapa moja. Sheria ya mpindo nayo inaviweka mwali unaoingia, mwali uliopinda na nomali katika bapa moja, kisha inaunganisha pembe mbili kwa sini zake:

n₁ sin i = n₂ sin r

Hapa n₁ na pembe i ni za upande ambako nuru inatoka, n₂ na pembe r ni za upande inakoingia. Kuiandika hivi, kwa fahirisi mbili, kunamwepusha mwanafunzi na lile swali la kila mara kama agawanye sini ya hewani kwa ya majini au kinyume chake. Kila upande una fahirisi yake na pembe yake, na viwili hivyo havitenganishwi.

Sheria hii ilichukua muda mrefu kupatikana. Mwanahisabati Ibn Sahl aliitumia mjini Baghdad mwaka 984, katika andiko lake kuhusu vioo na lenzi za kuunguzia, akieleza uhusiano huo kwa uwiano wa pande za pembetatu. Willebrord Snell wa Uholanzi aliifikia tena mwaka 1621 bila kuichapisha, na René Descartes akaitoa kitabuni mwaka 1637. Katikati yake, mwaka 1611, Johannes Kepler aliandika kitabu kizima cha lenzi akitumia makadirio tu: kwamba pembe zikiwa ndogo, pembe moja inalingana na nyingine kwa uwiano usiobadilika.

Makadirio ya Kepler yanafaa kukumbukwa kwa sababu wanafunzi huyarudia bila kujua. Wanagawanya pembe yenyewe badala ya sini yake. Chukua mwali unaoingia majini kwa pembe ya nyuzi 10. Kwa sheria sahihi, pembe ya kupinda ni nyuzi 7.50. Kwa kugawanya 10 kwa 1.33, jibu ni 7.52. Tofauti haionekani hata kwa kipimapembe kizuri. Mwanafunzi anapewa tiki, anaamini njia yake, na kosa linajificha mpaka siku pembe itakapokuwa kubwa. Kwa nyuzi 60, sini ni 0.866. Ikigawanywa kwa 1.33 inapatikana 0.651, ambayo ni sini ya nyuzi 40.6. Anayegawanya pembe anapata 45. Sasa amekosa kwa zaidi ya nyuzi nne, na hajui ni kwa nini, kwa kuwa jana njia hiyohiyo ilimpa jibu sahihi.

Kuna kosa jingine linalotokea kabla hata kalikuleta haijaguswa. Swali linasema: mwali wa nuru unagonga uso wa maji ukiwa umetengeneza pembe ya nyuzi 30 na uso huo. Mkono unakimbilia 30 kwa sababu ndiyo namba iliyopo. Lakini pembe ya kuingia hupimwa kutoka kwenye nomali, nayo ni 90 kutoa 30, yaani 60. Aliyetumia 30 anapata pembe ya kupinda ya nyuzi 22.1 badala ya 40.6. Dawa yake ni kuchora kwanza: uso, kisha nomali ya vistari vilivyokatika, kisha mwali, na kuandika pembe ndani ya mchoro kabla ya kuandika mstari wowote wa hesabu. Mchoro wa sentimita tatu unatosha.

Mchoro huo pia unatoa kipimo cha haraka cha kujikagua. Nuru ikienda mahali inakopunguzwa kasi, yaani kwenye fahirisi kubwa, mwali unasogea karibu na nomali na pembe ya pili lazima iwe ndogo. Ikitoka majini kuja hewani, inasogea mbali na nomali na pembe ya pili lazima iwe kubwa. Ndiyo sababu mvuvi anayetumia mkuki pwani hulenga chini ya pale anapomwona samaki: miali inayotoka majini imepinda, na jicho linaifuata kana kwamba ilikuja kwa mstari mnyoofu kutoka juu zaidi. Kwa anayetazama wima, kina kinachoonekana ni kina halisi kigawanywe kwa fahirisi. Maji ya mita nne yanaonekana kama ya mita tatu. Anayezidisha badala ya kugawanya atapata mita 5.3, na hapo akili ya kawaida inatosha kumsimamisha, kwani hakuna dimbwi linaloonekana kuwa na kina kikubwa kuliko lilivyo. Fomula hiyo inahusu kutazama wima. Kwa anayetazama kutoka pembeni, samaki anaonekana juu zaidi ya hapo.

Safari ya kutoka majini kuja hewani ndiyo inayoleta jibu linalowashtua wengi. Weka i kuwa nyuzi 60 ndani ya maji: 1.33 mara 0.866 ni 1.15. Kalikuleta ikiombwa pembe ambayo sini yake ni 1.15, inaandika Math ERROR. Mwanafunzi anafuta, anarudia, kisha anageuza sehemu juu chini mpaka ipatikane namba fulani. Kumbe kalikuleta imesema kweli. Sini haiwezi kuzidi 1, kwa hiyo hakuna mwali unaotoka nje. Nuru yote inaakisiwa kurudi majini, na pembe yake ya kurudi ni nyuzi 60 kwa sheria ile ya kwanza. Mpaka wa jambo hili huitwa pembe kikomo, na sini yake ni 1 kugawanya kwa fahirisi: karibu nyuzi 49 kwa maji na karibu nyuzi 42 kwa kioo. Inatokea tu nuru inapotoka kwenye fahirisi kubwa kwenda ndogo. Nyuzi nyembamba za kioo zilizomo kwenye nyaya za chini ya bahari, kama ule wa SEACOM uliofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, hubeba mawasiliano kwa njia hiyo. Kiini cha uzi kina fahirisi kubwa kidogo kuliko ganda lake, na nuru inagonga ukingoni na kurudishwa ndani tena na tena.

Tukija kwenye vioo vilivyopinda, kazi inahamia kwenye penseli na rula. Mfano mmoja ukichorwa hadi mwisho unafundisha kuliko orodha ya taswira sita ambazo wengi hukariri. Tuchukue kioo mbonyeo, kile kilichobonyea ndani kama uso wa ndani wa kijiko, chenye umbali wa fokasi wa sentimita 15, na kitu chenye kimo cha sentimita 5 kilichosimamishwa sentimita 20 mbele yake.

Kipimio kinachaguliwa kwanza: sentimita 1 ya karatasi iwe sentimita 5 za kweli. Chora mstari mlalo mrefu katikati ya karatasi ya grafu. Huo ndio mhimili mkuu. Kioo kichore kwa mstari ulionyooka unaosimama juu ya mhimili, usiwe tao, na uende angalau sentimita nne juu na sentimita nne chini. Ncha zake zipindwe kidogo tu kuonyesha upande uliobonyea. Wengi huchora tao zuri la kimo cha sentimita mbili kwa sababu kioo halisi kimepinda, kisha miali yao haikutani. Sheria za miali hii ni makadirio yanayofaa kwa miali iliyo karibu na mhimili, na mstari ulionyooka ndio unaoyalinda makadirio hayo kwenye karatasi.

Weka fokasi, F, sentimita 3 kutoka kwenye kioo na kitovu cha mpindo, C, sentimita 6. Kitu kinasimama sentimita 4 kutoka kiooni, kati ya F na C, na kimo chake karatasini ni sentimita 1. Kutoka kwenye ncha yake ya juu peleka mwali wa kwanza sambamba na mhimili mpaka ugonge kioo, kisha uurudishe ukipita F na kuendelea kushuka. Mwali wa pili utoke kwenye ncha hiyohiyo, upite F na uendelee hadi kiooni. Utagonga sentimita 3 chini ya mhimili, na hapo aliyechora kioo kifupi anagundua kwamba mwali wake umepita hewani. Kutoka pale unarudi sambamba na mhimili. Miali miwili inakutana sentimita 12 kutoka kwenye kioo, sentimita 3 chini ya mhimili.

Kama kuna shaka, mwali wa tatu unaitoa. Uelekeze katikati kabisa ya kioo, pale mhimili unapokutana nacho. Mhimili wenyewe ndio nomali ya mahali hapo, basi mwali unarudi chini ya mhimili kwa pembe ileile, na ukifuatwa hadi sentimita 12 unakuta kimo cha sentimita 3. Penseli ikichongwa vizuri, miali mitatu inakutana ndani ya milimita moja. Ikiacha pembetatu kubwa, mmoja umekosewa, na mara nyingi ni ule wa sambamba ambao haukuwa sambamba.

Kila mwali unahitaji mshale. Miali halisi huchorwa kwa mstari kamili, na vistari vilivyokatika huachiwa kuonyesha mahali ambapo nuru haipiti. Kisha vipimo vinarudishwa kwenye ukubwa wa kweli, hatua inayosahauliwa kuliko zote: sentimita 12 za karatasi ni sentimita 60 za kweli, na kimo cha sentimita 3 ni sentimita 15. Taswira ni halisi, imegeuzwa juu chini, na imekuzwa mara 3.

Mchoro ukishakamilika, hesabu inakuja kama shahidi:

1/u + 1/v = 1/f

Umbali wa kitu, u, ni 20, na f ni 15. Kwa hiyo 1/v ni 1/15 kutoa 1/20, yaani 1/60. Hapa panahitaji utulivu. Kilichopatikana ni 1/v, na v yenyewe ni 60. Wapo wanaoandika kwamba taswira iko umbali wa 1/60, au 0.0167 ya sentimita, wakati mchoro walioumaliza dakika mbili zilizopita unaonyesha sentimita 12 za karatasi. Pia wapo wanaojumlisha 15 na 20 kisha kupindua jumla, kana kwamba sehemu hujumlishwa kwa kuunganisha namba za chini. Makosa yote mawili yanakamatwa mara moja na mwenye mazoea ya kulinganisha jibu na mchoro.

Kisogeze kitu sasa hadi sentimita 10 kutoka kwenye kioo, ndani ya fokasi. Kwenye karatasi ni sentimita 2. Mwali wa sambamba unarudi kupitia F kama kawaida. Mwali wa pili hauwezi kupita F ukielekea kiooni, kwa hiyo unachorwa kana kwamba unatoka F: rula inalazwa kutoka F hadi ncha ya kitu na kuendelezwa hadi kiooni, kisha mwali unarudi sambamba. Miali iliyorudi inaachana mbele ya kioo. Ikirefushwa nyuma ya kioo kwa vistari, inakutana sentimita 6 nyuma yake, sentimita 3 juu ya mhimili. Hesabu inasema 1/v ni 1/15 kutoa 1/10, yaani hasi 1/30, na v ni hasi 30. Alama ya hasi inasema kilekile ambacho vistari vimesema: taswira si halisi, iko nyuma ya kioo, na imesimama wima. Ukuzaji ni mara 3 tena.

Jozi hii inaeleza mtego unaopendwa na watunga mitihani, wanapouliza kitu kiwekwe wapi ili kioo chenye fokasi ya sentimita 15 kitoe taswira iliyokuzwa mara tatu. Majibu ni mawili, 20 na 10, na anayetoa moja amejibu nusu ya swali. Kioo cha kunyolea hutumiwa kwa jibu la pili: uso ukiwa ndani ya fokasi unaonekana mkubwa na umesimama wima.

Yote haya yametumia utaratibu mmoja wa alama, ule unaosema umbali wa vitu halisi ni chanya na wa vitu visivyo halisi ni hasi. Upo utaratibu mwingine, unaotumiwa na vitabu vingi vya India, ambao hupima kila kitu kutoka kwenye kioo na kuita hasi chochote kinachopimwa kinyume cha mwelekeo wa nuru inayoingia. Kwa utaratibu huo, u ni hasi 20, f ni hasi 15, na v ya mfano wa kwanza ni hasi 60. Fizikia ni ileile. Hatari ni kuchanganya, kuchukua f ya kitabu kimoja na u ya kingine, au kubeba fomula ya lenzi ya utaratibu wa pili, 1/v − 1/u = 1/f, na kuijaza namba za utaratibu wa kwanza. Juu kabisa ya karatasi ya muhtasari, kabla ya fomula yoyote, pastahili sentensi moja inayotaja utaratibu uliochaguliwa.

Lenzi hazihitaji karatasi ya pili. Kwa utaratibu wa halisi kuwa chanya, fomula ni ileile, na lenzi mbinuko yenye fokasi ya sentimita 15 inakipa kitu kilicho umbali wa sentimita 20 taswira kwenye sentimita 60, iliyokuzwa mara 3 na kugeuzwa. Tofauti ni kwamba taswira halisi sasa inaanguka upande wa pili wa lenzi, kwa kuwa nuru imepita badala ya kurudishwa, na mwali wa katikati unapita moja kwa moja bila kupinda. Lenzi mbonyeo, inayotawanya nuru, ina f hasi. Ikiwa ni hasi 15 na kitu kipo kwenye 20, 1/v ni hasi 1/15 kutoa 1/20, yaani hasi 7/60, na v ni karibu hasi 8.6: taswira isiyo halisi, ndogo, iliyo kati ya lenzi na fokasi, upande uleule wa kitu. Mwanafunzi aliyesahau alama ya f atapata 60 na kudai taswira halisi, ingawa lenzi ya namna hii haitoi kamwe taswira halisi ya kitu halisi kilichowekwa mbele yake.

Linabaki jambo la kufanyia kalikuleta kabla ya swali la kwanza. Ingiza sin 30. Ikijibu 0.5, imewekwa kwenye nyuzi. Ikijibu −0.988, imewekwa kwenye radiani, na kila pembe ya kupinda itakayotolewa siku hiyo itakuwa na kosa mpaka ibadilishwe.